Fildi Dar: hela ilitosha, tarehe ndo zilinikosea

Kabla sijaenda fildi Dar mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa naamini mimi ni mtu wa bajeti. Nina daftari, naandika kila kitu, chuoni Dodoma wenzangu walikuwa wananikopa mwisho wa mwezi kwa sababu wanajua huyu jamaa hakosi. Bajeti ya fildi niliipiga jioni moja nikiwa kitandani. Mama atanipa laki tatu, nina akiba laki moja na themanini, halafu kuna hela ya fildi kwenye mkopo ambayo kwangu ilikuwa elfu kumi kwa siku mara siku 56, yaani laki tano na sitini. Jumla milioni moja na arobaini elfu. Nikagawanya kwa miezi miwili nikaona nina laki tano na ushee kwa mwezi, na nyumbani nafikia kwa mama mdogo Chanika, kodi hamna. Nikalala usingizi mzito kabisa.

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, hilo nalisema mapema. Mwisho wa fildi nilirudi Dodoma na chenji ya kama laki na tisini hivi. Ila katikati hapo, tarehe 29 mwezi wa nane asubuhi, mfukoni nilikuwa na elfu kumi, mkono wa kushoto umefungwa POP, na kadi ya bima haifanyi kazi. Kwa hiyo mtu akiniuliza fildi inahitaji shingapi huwa simjibu, namuuliza kwanza hela yako inaingia tarehe ngapi na inatoka tarehe ngapi.

Ngoja nianzie mwanzo.

Barua ya kukubaliwa iliniambia niripoti Jumatatu tarehe 4 Agosti, ofisi ya uhasibu katikati ya mji, Posta. Nikapanda SGR Alhamisi ya tarehe 31, nauli elfu thelathini na moja, ukijumlisha bajaji za huku na huku kama elfu kumi ikawa 41,000. Nikamnunulia mama mdogo zabibu na karanga za elfu kumi na tano maana huwezi kwenda kukaa kwa mtu miezi miwili ukaingia mikono mitupu. Jumamosi nikaenda Karume nikachukua mashati mawili, suruali moja na viatu, elfu arobaini na tano, sababu mavazi yangu ya chuo yalikuwa ya raba na jinzi na kwenye simu yule dada wa utumishi alishaniambia ofisini hawavai hivyo. Hapo sijaanza hata siku moja ya kazi na laki moja imeshatoka. Kwenye bajeti yangu ya kitandani nguo hazikuwemo, zabibu hazikuwemo.

Sasa kuhusu Chanika. Mama mdogo ni mtu mwema sana, sitaki mtu aelewe vibaya. Lakini Chanika na Posta ni safari. Natoka nyumbani saa kumi na moja kasoro alfajiri, boda hadi barabarani elfu moja, daladala hadi Gongo la Mboto, nabadilisha ya kwenda mjini, daladala mbili hizo kama elfu moja na mia tano. Jioni hivyo hivyo kurudi. Kwa siku ni elfu tano kamili, na masaa matano ya maisha yangu. Siku ya kwanza nilifika kazini saa mbili na dakika kumi nimelowa jasho hadi tai.

Jioni ya siku ya nne ndo nikafungua daftari nikafanya hesabu ambayo ilibidi niifanye Dodoma. Wiki nane ni siku arobaini za kazi. Elfu tano mara arobaini ni laki mbili. Yaani kulala bure Chanika kunanigharimu laki mbili za nauli, hapo sijaweka mchango wa chakula ambao hata kama hujaombwa unatoa tu, leo unga, kesho mafuta ya kupikia. Halafu nikajiuliza, mtu anayekaa Kimara anapanda mwendokasi mia saba na hamsini kwenda, mia saba na hamsini kurudi, siku arobaini ni elfu sitini tu. Akipata chumba cha elfu sitini kwa mwezi, miezi miwili ni laki na ishirini, jumla laki na themanini. Anayelipa kodi anatumia hela kidogo kuliko mimi ninayelala bure, na anaamka saa kumi na mbili! Nilikaa nikaangalia hiyo karatasi muda mrefu sana.

Ila nishukuru kitu kimoja, kwamba sikuwahi kulipia chumba kabla ya kuripoti. Kuna mwenzetu tuliyeanza naye siku moja alikuwa ameshalipia chumba Mbezi akijua ofisi ni Posta kwa sababu barua ina anuani ya Posta, siku ya pili akaambiwa wewe utakuwa tawi la Bunju. Anuani ya kwenye barua ni ya makao makuu tu, wanakupeleka wanakotaka wao. Kwa hiyo wiki ya kwanza fikia popote, kwa ndugu, kwa rafiki, lala hata sebuleni, ukishajua kituo chako halisi ndo utafute pa kukaa. Na kama unaweza kupiga simu kabla uliza hivi hivi bila aibu, nitakaa tawi gani, na je kuna posho ya nauli au chakula. Kwetu haikuwepo. Kuna ofisi inatoa, lakini nyingi zinalipa baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo hata ikiwepo usiiweke kwenye hela ya wiki ya kwanza.

Tarehe 8 ilikuwa Nane Nane, ofisi imefungwa, nikaitumia kutafuta chumba. Nikapata namba ya dalali Kimara. Hapo ndo nikakutana na Dar yenyewe.

Dalali ananiambia, "Mdogo wangu, kuna ya kuonyeshwa elfu ishirini, hiyo hairudi, ukipata ukikosa." Nikatoa. Akanizungusha vyumba vitatu. Cha kwanza elfu themanini, cha pili sitini kizuri tu, cha tatu sitini ila choo kiko mbali na mlango haufungi. Nikamwambia hicho cha pili nakitaka, miezi miwili. Akacheka. "Mwenye nyumba anachukua miezi sita, na yangu mimi mwezi mmoja." Yaani laki tatu na sitini kwa mwenye nyumba, elfu sitini za dalali, laki nne na ishirini kwa mkupuo, na mimi pale nina laki tatu na kitu kila kitu kikiwa ndani. Na chumba ni kitupu, hakuna godoro, hakuna pazia, hakuna ndoo. Nikimaliza fildi tarehe 26 Septemba chumba kinabaki miezi minne kinalipiwa na mimi niko Dodoma.

Nikajaribu kumbembeleza, nikamwambia muulize mwenye nyumba miezi mitatu. Akapiga simu pale pale, mama akakataa. Baadaye nilisikia kuna wanaokubali mitatu, hasa chumba kikiwa kimekaa kitupu muda, lakini inabidi uongee na mwenye nyumba mwenyewe, maana dalali hana haraka ya kukupigania, kwake mpangaji wa miezi miwili ni kero tu.

Elfu ishirini yangu ikaenda hivyo. Nimeiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Kilichoniokoa ni kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu tangu Dodoma. Wakati mimi natoka chuo kwenda Dar, kuna wanafunzi wa vyuo vya Dar wametoka kwenda Mwanza, Arusha, Mbeya, nao kwa fildi. Mageto yao yamefungwa na kodi imeshalipwa, ile ile ya miezi sita. Nikaandika kwenye grupu la kidato cha sita, "nani ana geto Dar amekwenda fildi mkoani," ndani ya saa moja nikapata mtu. Alisoma na mimi Tabora, sasa hivi anasoma Dar, chumba chake kiko Kimara kwa bahati, yeye yuko Mwanza hadi mwisho wa mwezi wa tisa, kodi yake inaisha Oktoba. Godoro lipo, feni ipo, jiko la gesi mtungi mdogo upo. Kodi ni elfu sitini kwa mwezi, tukakubaliana nimlipe sitini nikiingia na thelathini hela ya fildi ikitoka, kwa mwezi mmoja na nusu uliobaki.

Na hapa kuna kosa watu wanafanya, wanapeana ufunguo kimya kimya. Mwenye nyumba akikukuta ndani hakujui, mkataba si wako, anaweza kukutoa hata usiku. Sisi tulimpigia mwenye nyumba tukiwa watatu kwenye simu, rafiki yangu akamwambia baba huyu ni mwenzangu, anakaa hadi tarehe 28, vitu vyangu viko pale pale. Mzee akauliza maswali mawili, unafanya kazi gani na unaleta wageni, basi. Nikampelekea kopi ya barua ya fildi na ya kitambulisho cha chuo, na akanipeleka mwenyewe kwa mjumbe kujitambulisha. Kodi nilituma kwa simu kwenye namba ya rafiki yangu, jina likatokea ni lake, meseji nikaitunza. Kama ni dalali anakwambia tuma kwenye namba hii ya mwenye nyumba, angalia jina linalotokea kabla hujabonyeza, kisha nenda kwa majirani au serikali ya mtaa uulize nyumba hii ni ya nani. Majina yakipishana, acha.

Lakini kabla sijahamia Kimara kuna Alhamisi ya tarehe 14.

Nilitoka kazini saa kumi na moja, foleni, nikafika stendi Chanika saa mbili na nusu usiku. Boda ya kwenda kwa mama mdogo, ile ya elfu moja. Kwenye kona ya mchanga tukateleza. Siyo ajali ya kutisha, dereva hakuumia hata, mimi nikatua na kiganja. Nikajiona mzima, nikalala nao, alfajiri mkono umevimba kama andazi.

Nikaenda kituo cha afya na kadi yangu ya bima mkononi, najiamini kabisa. Mimi nina NHIF ya mwanafunzi, ile 50,400 ya mwaka tunayolipa pamoja na ada. Dada wa mapokezi akaingiza namba, akaangalia kioo, akaniangalia. "Kaka kadi yako imekwisha muda wake. Tangu tarehe 31 mwezi wa saba."

Tarehe 31 mwezi wa saba. Siku niliyopanda treni.

Yaani bima niliyoilipia mwaka mzima niliitumia mara moja kwa mafua, na siku bima inakufa ndo siku mimi natoka kwenda mji nisioujua kupanda boda usiku. Nilipopiga simu chuoni wakanieleza taratibu, kwamba kwetu bima inafuata mwaka wa masomo, majina ya mwaka mpya yanapelekwa wanafunzi wakisharipoti na kulipa ada, yaani kuanzia Oktoba huko. Fildi inakaa katikati ya miaka miwili ya masomo. Kwa hiyo wiki zote nane mimi nilikuwa mtu asiye na bima na sikujua, na nina uhakika nusu ya darasa letu walikuwa hivyo hivyo, ila wao hawakuanguka.

Kujua ilikuwa kazi ya dakika tano. Tarehe ya mwisho wa kadi iko kwenye taarifa zako za uanachama, na dawati la bima chuoni wanaangalia namba yako tu wanakwambia. Rafiki yangu wa chuo kingine alienda dawatini kwao mwezi wa sita, akaeleza kwamba ataenda fildi Agosti, wakampa kontroo namba akalipia mapema, kadi ikaongezwa. Kwenu inaweza isiwe rahisi hivyo, kuna vyuo wanapeleka majina kwa kundi tu, lakini hata ukiambiwa haiwezekani angalau unaondoka ukijua huna bima na unatenga hela ya hospitali.

Nilichotumia siku ile, kumuona daktari na kufungua faili elfu kumi na tano, eksirei elfu ishirini na tano, ilionekana ufa mdogo kwenye kifundo cha mkono, POP elfu thelathini na tano, dawa elfu kumi na mbili. Elfu themanini na saba. Na kabla ya yote waliuliza PF3. Mimi nilidhani PF3 ni ya watu waliopigwa au gari limepinduka, kumbe ajali yoyote ya barabarani, hata boda ya kuteleza mchangani, wanataka hiyo fomu ya polisi. Walinipa dawa ya maumivu kwanza, nikaenda kituo cha polisi nikaeleza, nikajaziwa, nikapewa bure, nikarudi. Hata ungekuwa na bima hai bado utaulizwa, kwa hiyo mtu akianguka apitie polisi kwanza kama hali yake inaruhusu, kama hairuhusu aende hospitali na mtu mwingine ashughulikie.

Jumatatu nikaenda kazini na mkono umening'inia shingoni. Dada wa utumishi akanihurumia, nikamuuliza kwa hiyo ningeumia hapa hapa ofisini ingekuwaje, si mna ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF? Akanijibu vizuri tu bila kuzunguka. "Mdogo wangu, kule mwajiri anachangia kwa asilimia ya mishahara anayolipa. Wewe huna mshahara hapa, kwa hiyo hakuna tunachokuchangia." Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Sisi wa uhasibu hatari yetu kubwa ni kukatwa na karatasi, lakini wanaokwenda saiti za ujenzi, migodini, viwandani, hao waulize kabisa kabla ya kusaini chochote, nikiumia hapa nani analipa, mna bima ya ajali inayotaja wanafunzi wa fildi au hamna. Wakisema hamna, bima ya ajali binafsi ya muda mfupi ipo, wanauza makampuni ya bima na mawakala wao, mkiwa kundi la darasa mnaweza kuomba bei ya pamoja. Na ujue ni vitu viwili tofauti. NHIF inakutibu. Ukibaki na kilema haikupi shilingi, hiyo ni kazi ya bima ya ajali.

Narudi kwenye daftari, maana hapa ndo palipokuwa na utamu.

Nilianza na 480,000. Toa safari, nguo na zabibu, ikabaki 379,000. Siku nane za kazi nikiwa Chanika, nauli elfu arobaini, chakula cha mchana kwa mama ntilie kwa wastani 3,500, ikawa elfu ishirini na nane. Dalali elfu ishirini. Hospitali elfu themanini na saba. Jumapili tarehe 17 nahamia Kimara mkononi nina 204,000. Nikalipa sitini za chumba. Umeme elfu kumi, ndoo, sabuni, chumvi, mafuta, dawa ya mbu elfu kumi na tano. Ikabaki 119,000. Kuanzia tarehe 18 hadi 29 nauli elfu kumi na tano, chakula elfu saba kwa siku mara kumi na mbili ni 84,000, vocha na bando elfu kumi. Fanya hesabu utaona imebaki elfu kumi.

Wakati huo wote laki tano na sitini yangu ipo, ila ipo kwenye karatasi. Nilidhani itatoka siku ya kwanza ya fildi, si ndo hela ya fildi, ikatoka ijumaa ya wiki ya nne. Inatoka ukishasaini, na kusaini kunafunguliwa wakati wake, sasa ukiwa umeshaondoka chuoni hujui lini, unabaki kuuliza kwenye grupu "vipi wazee mzigo umesoma?" kila asubuhi kama ndege. Ile milioni moja na arobaini niliyoigawa kwa mbili kule Dodoma ilikuwa uongo, mwezi wa kwanza ulikuwa na laki nne na themanini tu, na mwezi wa kwanza ndo unabeba nauli ya kwenda, nguo, dalali, kodi, ndoo. Mwezi wa pili haukuwa na kitu, nilikula, nikapanda mwendokasi, nikachapisha ripoti, basi. Mwezi wenye matumizi makubwa ndo mwezi wenye hela ndogo.

Sa hivi nikipiga bajeti sigawanyi kwa mwezi. Naandika tarehe upande wa kushoto kuanzia siku ya safari, kila siku mstari wake, natoa kinachotoka siku hiyo, na hela inayoingia naiandika wiki tatu baada ya tarehe niliyoambiwa. Nikishuka chini nikakuta mstari wowote umefika chini ya laki moja, najua hapo ndo patanibana, na napunguza kitu cha kabla ya hapo. Laki moja ni kwa sababu najua bei ya kuanguka boda. Ningefanya hivyo Dodoma ningeona tarehe 29 ikinisubiri, ningeacha suruali ya Karume na ningemtafuta yule mwenye geto mwezi wa saba, nisipande boda ya Chanika hata mara moja. Pia mama ningemwomba anipe laki mbili wakati wa kuondoka na moja katikati, maana hela ikiwa yote mfukoni siku ya kwanza unakuwa na mkono mwepesi, mimi Jumamosi ile Karume nilijiona tajiri.

Kuna kitu kidogo cha umeme nakisema maana kilileta maneno. Nyumba ya Kimara ina vyumba vitano LUKU moja. Kila mtu anatoa elfu kumi kwa mwezi, mnanunua kwa zamu. Zamu yangu ikaangukia tarehe 1 Septemba, nikanunua ya elfu kumi nikategemea uniti ishirini na nane kama kawaida, zikaja pungufu. Wenzangu wakanitazama kama nimekula. Kumbe manunuzi ya kwanza ya kila mwezi yanakata kwanza 1,500 ya kodi ya jengo, na wenyeji wote wanajua, ndo maana tarehe moja kila mtu alikuwa hana chenji isipokuwa mgeni. Tukafungua meseji ya tokeni tukaisoma mbele ya wote, ikakubaliwa ile 1,500 mwenye nyumba anairudisha kwenye kodi. Na pia usitegemee ile bei nafuu ya uniti ya mtu wa matumizi madogo, vyumba vitano kwenye mita moja mnavuka uniti 75 mapema tu.

POP nilitolewa wiki ya saba, elfu kumi na tano. Ripoti kuchapa na kubandika elfu kumi na tano nyingine. Tarehe 28 rafiki yangu akarudi kutoka Mwanza asubuhi, akakuta nimefagia, mtungi wa gesi umebaki kidogo nikampa elfu kumi ya kuchangia kujaza, akahesabu masufuria yake moja moja mbele yangu huku anacheka ila anahesabu kweli. Mchana mama mdogo akapiga kuuliza kwa nini sipiti kuaga, nikapanda daladala mbili na nikatembea kwa mguu kutoka barabarani.

Oktoba tuliporipoti chuo nilienda dawati la bima kabla hata sijapeleka godoro chumbani. Kulikuwa na mtu mmoja tu mbele yangu.